Afya ya udongo: maswali ya mkulima wa maharage kutoka Moshi

Shikamoo bwana shamba. Nilipanda maharage huku tambarare, ikanyesha mvua kubwa siku moja, kisha jua likawaka siku tatu. Ardhi imekuwa kama sakafu. Nimefukua nikakuta maharage yamevunjika shingo. Mbegu ni mbovu?

Marahaba, mama. Mbegu ni nzima, maana imeota. Harage hupanda likiwa limeinama shingo, huku limebeba mapande yake mawili ya mbegu, na likikutana na ukoko wa udongo shingo hukatika. Mahindi huponea hapo mara nyingi kwa sababu chipukizi lake limechongoka na hutoboa.

Ukoko wenyewe ni mwembamba, mara nyingi milimita chache tu. Bonge la udongo lililokauka limejaa hewa. Maji yakiliingia ghafla kutoka pande zote, hewa hubanwa katikati na kulipasua. Matone ya mvua humalizia kazi kwa kulitwanga. Vumbi laini linalobaki huziba vitundu, na jua likiwaka linashikana.

Mbona kihambani kwa wazazi wangu huko Marangu mvua ni nyingi kuliko huku, na ardhi haifungi?

Migomba na majani makavu ya kule hulipunguza tone nguvu kabla halijagusa ardhi, na udongo wa majivu ya volkano nao hushikana vizuri na mboji. Lakini chukua udongo wa kule mkononi uutazame. Umekaa vijibonge vidogovidogo, na kila kimoja kimefungwa.

Mizizi midogo kama nywele huzibana chembe pamoja na kutoa utelezi unaolisha vijidudu, navyo hutengeneza gundi. Kisha kuna kuvu wanaoishi na mizizi. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko unywele, nazo hupita kati ya chembe na kuzifunga kama kamba zinavyofunga mzigo wa kuni. Nyungunyungu naye hula udongo pamoja na majani yaliyooza, huvichanganya tumboni na ute, halafu hutoa kinyesi cha vijibonge. Kikiwa kibichi kinavunjika kirahisi. Kikikauka na kukaa, kinakuwa imara na maji hayakimong'onyoi upesi.

Huku tambarare trekta hukata nyuzi hizo kila msimu, na mabua yote hupandishwa mlimani kulishia ng'ombe. Wafungaji wanabaki bila chakula.

Nitapimaje shamba langu bila maabara?

Chukua mabonge matatu yenye ukubwa wa karanga kutoka juu ya shamba, na mengine matatu chini ya nyasi za mpakani ambapo jembe halifiki. Yaanike kivulini mpaka yakauke kabisa. Yakiwa na unyevu jibu litakudanganya. Yaweke taratibu kwenye glasi mbili za maji ya mvua, usikoroge, usubiri dakika tano.

Mara nyingi bonge la nyasini hubaki zima na la shambani humomonyoka kuwa rundo la chenga. Hapo umejua kwamba udongo ni uleule ila kamba hazipo. Ila liangalie na lile la nyasini saa kadhaa baadaye. Maji yakiwa kama ya maziwa kuzunguka bonge, kuna magadi, ambayo hutawanya mfinyanzi hata mizizi ikiwepo. Sehemu za tambarare za kaskazini yapo. Hapo mboji peke yake haitoshi. Udongo upimwe kwanza ili ujue kama unahitaji jasi.

Ninunue nyungunyungu nikawamwage shambani?

Hapana, mama. Bila unyevu na chakula watakufa au watahama. Hela hiyo lipia gari la kurudisha samadi kutoka mlimani, maana ng'ombe wamekula mabua yako. Acha angalau sehemu ya mabua juu ya ardhi. Wakati wa kuvuna, kata maharage kwa mundu usiyang'oe, mizizi ibaki imeshika udongo. Ukipanda ngwara au mbaazi kati ya mahindi, kutakuwa na mizizi hai hata baada ya mavuno, na wale kuvu watakuwa na pa kuishi. Kabichi haiwasaidii, kwa kuwa mizizi yake haishirikiani nao.

Na haya maharage yaliyo chini sasa hivi?

Nenda leo jioni. Kama una maji, nyunyizia mistari kidogo kwa keni yenye kichujio, ukoko ulainike, kisha uukwaruze juujuu kwa tawi lenye miiba au reki, kina kisichozidi ncha ya kidole. Jembe utaliacha nyumbani, litakata machipukizi. Fukua mashimo kumi sehemu tofauti: kama shingo nyingi bado zimepinda bila kukatika, zitatoka ndani ya siku mbili tatu. Zilizokatika hazitachipua tena, hapo rudishia mbegu mapema kabla udongo haujakauka.