Je, wajua? Malipo ya kadi "yanayosubiri" bado hayajatoka kwenye akaunti yako

"Nimelipa kwa kadi tangu jana jioni, hela imeshakatwa, lakini simu bado inaandika 'inasubiri' na dukani wanasema hawajaipata. Sasa hela yangu iko kwa nani?"

Iko kwako, ndani ya akaunti yako ileile, ila imefungwa usiitumie mara ya pili. Itatoka usiku, ndani ya fungu moja na malipo mengine ya siku hiyo. Kwa kawaida duka huiona baada ya siku moja hadi tatu za kazi, ingawa kila benki ina ratiba yake.

Jibu hilo hukataliwa na wengi, na hata sisi tunaopokea malipo ya kadi tuliwahi kuamini vingine: kwamba mashine ikishatoa risiti hela imeruka, na neno "inasubiri" maana yake mtandao umeizuia njiani. Chanzo cha imani hiyo ni simu. Ukimtumia mtu M-Pesa, akaunti yako na yake zimo katika daftari moja. Mfumo unapunguza kwako na kuongeza kwake kwa hatua moja, na meseji mbili zinaingia kwa pamoja. Kadi haina daftari moja. Kuna benki yako, kuna benki ya mwenye duka, na katikati kuna mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, unaobeba ujumbe baina yao. Kwa hiyo mashine ya dukani haikutoi hela. Inauliza tu: "Mwenye kadi hii anazo 85,000?" Benki yako inajibu, "Anazo, na nimemshikia." Basi, mazungumzo yameisha, risiti inatoka, na hakuna shilingi iliyohama.

Huko kushikiwa ni sawa na mama aliyekubaliana bei na muuza samaki atakayepita jioni. Anatenga noti, anazifunga kwenye pindo la kanga. Noti zimo mwilini mwake, muuza samaki hajazigusa, lakini mama hawezi tena kuzihesabu kama za kununulia unga. Ukiuliza ana shilingi ngapi, majibu yote mawili ni sahihi: zote alizonazo, au zilizobaki nje ya fundo. Ndiyo maana risiti ya ATM mara nyingi huonyesha salio la aina mbili. Kama ulikuwa na 200,000 na umelipa 85,000, salio la daftari linabaki 200,000 na salio unaloweza kutumia ni 115,000. Tofauti yake ndiyo fundo.

Fundo hufunguliwa na hesabu ya usiku. Konda wa daladala hampelekei tajiri nauli moja moja kila abiria anaposhuka. Anakusanya kutwa nzima na kupeleka hesabu jioni. Mashine ya kadi nayo inaweka orodha ya malipo yote iliyoyakubali, kisha mwisho wa siku inafungwa na kuituma orodha hiyo kwa benki ya mwenye duka. Benki hiyo inachambua mistari yote ya maduka yake na kuipeleka kwenye mtandao wa kadi, nao unaigawa kwa benki za wateja. Benki zenyewe hazipelekeani malipo moja moja. Kama benki A inaidai B milioni 90, na B inaidai A milioni 84, zinazohama ni milioni 6 tu. Kompyuta zingeweza kufanya kazi hii kila sekunde. Kinachookolewa na mafungu ni fedha ambazo kila benki ingelazimika kuziweka tayari kutwa nzima.

Sasa tufuate malipo yale ya 85,000. Umelipa Ijumaa saa 2 usiku, na duka linafunga mashine saa 4. Orodha inaondoka usiku huohuo. Jumamosi na Jumapili mafaili yanaweza kuendelea kusafiri, lakini benki hulipana siku za kazi. Hivyo ni Jumatatu ndipo malipo yanapohesabiwa, na mara nyingi Jumanne asubuhi ndipo neno "inasubiri" linapotoweka na tarehe ya kukatwa kuonekana. Kama mashine ilifungwa saa 4 nawe ukalipa saa 4 na dakika 5, umeingia fungu la kesho yake. Pasaka ndiyo mbaya kuliko zote: aliyelipa Alhamisi usiku anakutana na Ijumaa Kuu, wikendi na Jumatatu ya Pasaka, na siku ya kazi inayofuata ni Jumanne. Idi nayo husubiri mwezi uandame, kwa hiyo tarehe hatuwezi kuiahidi mapema.

Kuna hitilafu mbili zinazoleta malalamiko karibu yote. Ya kwanza ni fundo mara mbili. Mashine imeuliza, benki imejibu na kushika hela, lakini jibu limepotea njiani. Mhudumu anaona imekataa, anapitisha kadi tena. Simu yako inaonyesha 85,000 mbili. Orodha ya usiku, hata hivyo, itakuwa na mstari mmoja, ule uliotoa risiti. Fundo la pili halina wa kulidai na hufunguka lenyewe, ama kwa ujumbe wa kufuta unaotumwa na mashine, ama muda wake ukiisha. Benki nyingi huweka kama wiki moja, na hoteli huwa na muda mrefu zaidi.

Ya pili ni ya ajabu zaidi. Baadhi ya mashine hazijifungi zenyewe. Lazima mtu abonyeze SETTLEMENT. Akisahau siku kadhaa, fundo linafunguka, 85,000 inarudi kwenye salio lako, nawe unadhani malipo yameshindikana. Unaitumia. Kisha mashine inafungwa, mstari unafika umechelewa, na benki inaukata kwa kuwa uliidhinisha. Akaunti inaweza kusoma hasi. Kwa hiyo hela iliyorudi bila maelezo, na bidhaa umeshachukua, usiiguse kwanza. Uliza dukani kama mashine imefungwa.

Ukitaka kurudisha bidhaa, wahi kabla mashine haijafungwa. Wakati huo mhudumu anabonyeza VOID, na mstari wako unaondolewa kwenye orodha kabla haijaondoka. Ukija kesho yake njia iliyobaki ni REFUND, ambayo ni mstari mpya unaosafiri kinyume, na fungu lake la usiku, wikendi yake na sikukuu zake. Ndiyo sababu kununua huchukua sekunde 5 na kurudishiwa huchukua siku kadhaa.

Siku tatu za kazi zikipita bila mabadiliko, leta risiti, si picha ya salio. Tunachotafuta ni namba ya tarakimu 12 iliyoandikwa RRN, pamoja na APPROVAL CODE. Namba hizo zikiwepo kwenye orodha yetu ya usiku, malipo yamo safarini. Zisipokuwepo, kilichobaki ni fundo tu, na wa kulifungua ni benki iliyokupa kadi.