Nampenda mwanangu, na nimechoka

Kazi yangu ni ukunga. Nimewaeleza wazazi wengi kwamba mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Sasa niko ndani ya arobaini yangu mwenyewe, na ninaandika haya mtoto akiwa amelala.

Jana usiku aliponiamsha tena niliwaza: laiti angetokea mtu amchukue, ampeleke mbali hata mpaka kukuche. Papo hapo akalikamata titi, akafumba macho, akanishika kidole, na moyo ukanijaa. Hasira haikutoka kwanza ndipo upendo ukaingia. Vyote viwili vilikuwepo kwa wakati mmoja.

Mwili una sababu zake. Homoni ya prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kunyonyesha usiku kunasaidia maziwa yasipungue. Mtoto naye hajui usiku. Saa ya mwili wake huchukua miezi miwili mitatu kujipanga. Na kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni hushuka ghafla. Ndiyo maana mzazi anaweza kulia siku ya tatu au ya nne bila kujua analilia nini, na mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1949 kwamba mama wa kawaida humchukia mwanawe tangu mwanzo, akaorodhesha na sababu. Hakuuona huo kuwa ugonjwa. Wageni wanaokuja kumwona mtoto hawako tayari kusikia hivyo; wanangoja useme alhamdulillahi tu.

Kipimo changu cha kwanza cha kutofautisha uchovu na ugonjwa ni usingizi. Alfajiri mama alimchukua mtoto akaniambia, "Lala mwanangu, akilia nitakuita." Nililala fofofo, nikaamka khanga imelowa maziwa na hamu ya kumpakata imenibana. Huo ni uchovu. Lakini mzazi aliyepewa nafasi kama hiyo, mtoto yuko mikono salama, naye bado usingizi haumjii, au huzuni yake imezidi wiki mbili na hakuna kinachomfurahisha, huyo simwambii apumzike. Namwambia twende akaonwe.

Yapo maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona ya uzazi, yaliyochapishwa mwaka 1987, yanayouliza umejisikiaje siku 7 zilizopita. La mwisho linahusu wazo la kujidhuru. Mama akikiri wazo hilo, hata kama ni mara chache, hatungoji kujumlisha alama. Tunazungumza naye saa hiyo hiyo. Na anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayeanza kupanga kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Nimeyajibu yote kwa kalamu, na karatasi nimempa mama aisome. Nitayajibu tena wiki ya 6 nikirudi kliniki, kisha baadaye tena, kwa sababu sonona ya uzazi inaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya kujifungua, wakati wageni wamekwisha na mama ameshasafiri kurudi kwake.