Usaili ulikatika-katika? Andika kile tu ambacho hakikufika

Nakaa kwenye majopo ya usaili wa ajira, na usaili mwingi wa awamu ya kwanza sasa tunaufanya kwa video. Mtandao ukisumbua, wasailiwa wengi hutuma ujumbe wa kuomba radhi. Ni wachache wanaotuma ujumbe unaotufanya turudi kwenye karatasi ya alama na kusahihisha tulichoandika.

Tatizo la kwanza ni kwamba msailiwa mara nyingi hajui nini kilipotea. Lile dirisha dogo linaloonyesha sura yako linatoka moja kwa moja kwenye kamera yako, halijapita mtandaoni. Litaonekana safi hata kama sisi tunaona picha iliyoganda. Tena intaneti nyingi hupokea kwa kasi kuliko zinavyotuma, kwa hiyo unaweza kutusikia vizuri kabisa huku sisi tunaokota vipande vyako. Programu za mikutano nazo hujaribu kuziba mapengo madogo ya sauti. Neno moja au tarakimu moja inaweza kutoweka bila kuacha ukimya wowote, na sentensi ikasikika kama imekamilika.

Ndiyo maana nasema dalili zitafute kwetu, si kwenye skrini yako. Ukiulizwa swali lilelile kwa maneno mengine, huenda jibu la kwanza halikufika. Ukimaliza kueleza jambo zito halafu mtu akasema "haya, tuendelee" bila swali la nyongeza, shuku. Tunapopata jibu zuri huwa tunachimba: ulifanyaje, nani alipinga, ikawaje. Na kabla ya kuagana uliza wazi: "Kuna jibu langu ambalo halikusikika vizuri?" Swali hilo likijibiwa "ndiyo, lile la stoo," umeshapewa ruhusa ya kuandika, na umejua uandike kuhusu nini.

Sasa mfano. Msailiwa mmoja aliomba nafasi ya usimamizi wa stoo. Tulimtaka aeleze wakati ambapo hesabu ya vitabuni na mali iliyomo havikulingana. Maelezo yenyewe nimeyabadilisha kidogo ili asitambulike. Kilichofika kwetu, kama nilivyokiandika pembeni, ni hiki: "tofauti ya katoni… nikamwambia bosi… baadaye ikaisha." Ukisoma hivyo, ni mtu aliyeona tatizo akamwachia mkubwa wake. Kwa swali la uwajibikaji, hiyo ni alama 2 kati ya 5, na hakuna aliyemwonea. Tunapima tulichosikia.

Rasimu yake ya kwanza alinionyesha baadaye, alipokwisha kuajiriwa. Ilianza kwa aya nzima ya kuomba radhi kwa ajili ya mtandao, ikafuata aya ya jinsi anavyoipenda kazi hiyo, kisha muhtasari wa wasifu ambao tayari tulikuwa nao mezani. Stoo ilitajwa kwa mstari mmoja, mwishoni. Kwa bahati hakuituma hiyo. Alituma hii, saa chache baada ya usaili, akijibu barua pepe ileile iliyokuwa na kiungo cha mkutano:

"Habari za mchana. Nashukuru kwa muda wenu leo asubuhi. Mtandao wangu ulikatika nilipokuwa najibu swali la tofauti ya hesabu na mali, na sidhani jibu lilifika lote. Nililosema ni hili.

Tulikuta upungufu wa katoni 46 kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi. Nililinganisha hati za kupokelea mizigo na za kutolea, nikagundua mizigo iliyorudishwa kwa wasambazaji ilikuwa inatoka bila kuandikwa. Nilimweleza meneja nikiwa na hati mkononi, nikapendekeza daftari la marejesho na kuhesabu rafu chache kila wiki badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Alikubali, nikasimamia mimi. Hesabu ya mwezi uliofuata ililingana.

Majibu mengine naamini yalisikika. Kama kuna lingine lenye pengo, napatikana kwa simu leo na kesho. Naomba ujumbe huu uwafikie wanajopo kama utaratibu wenu unaruhusu."

Tazama mwanzo wake. Ametaja swali kwa maneno ya jopo, "tofauti ya hesabu na mali," si "swali la tatu." Karatasi zetu huwa na safu moja kwa kila swali, na mtu akilitaja kwa jina naliona mara moja mahali pa kuweka kalamu. Kisha katika jibu lenyewe, vitendo vyote vina mtendaji: nililinganisha, nikagundua, nikapendekeza, nikasimamia. Ndivyo vilivyokuwa vimemezwa na mtandao. Hata "nikamwambia bosi" imerudi, ila sasa ina hati mkononi na pendekezo nyuma yake. Kilichosikika na kilichoandikwa havipingani, na hilo ndilo lililotufanya tuuamini ujumbe. Mwenzangu mmoja alisema, "Kumbe ndiyo maana alitaja daftari." Neno hilo alikuwa amelisikia bila kujua linahusu nini.

Hapo ndipo wengi huharibu. Wakishaketi na kikombe cha chai wanakumbuka jibu bora kuliko walilotoa, wanaliingiza kana kwamba lilikatwa. Sisi tuna maandishi yetu, na wakati mwingine tuna rekodi ya usaili. Ujumbe ukiwa na mradi ambao hata kipande chake hakikusikika kwa mtu yeyote kati yetu, tunaacha kuuamini wote, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli. Ukitaka kuongeza jambo jipya, sema ni jipya: "Hili sikulisema leo." Mstari mmoja, basi. Mimi binafsi huwa sitoi alama kwa hilo, lakini simdharau aliyelisema wazi.

Kuhusu muda, tuma siku hiyohiyo. Majopo mengi hujaza alama papo hapo, kisha hukaa kuzilinganisha jioni au kesho yake. Ujumbe ukifika baada ya kikao hicho, huwekwa tu kwenye jalada. Ili uwahi, andika majibu yako kwa ufupi kwenye karatasi mara tu unapofunga kamera, kabla kumbukumbu haijaanza kuyapamba. Mtumie mratibu wa usaili, usiwatafute wanajopo mmoja mmoja kwenye mitandao ya kijamii. Wengine haturuhusiwi kuwasiliana na wasailiwa kwa njia hiyo.

Kuna mahali ujumbe huu hautasaidia. Taasisi zenye usaili wa alama kali hukubali tu kilichosemwa ndani ya chumba, ili wote wapimwe sawa. Ndiyo sababu ya yale maneno "kama utaratibu wenu unaruhusu": yanampa mratibu nafasi ya kukataa bila kukuona msumbufu. Na kama zaidi ya majibu mawili yalipotea, usiandike insha. Omba dakika 10 za simu ya kawaida kwa maswali hayo tu. Mratibu ataona ni rahisi kukubali simu fupi kuliko kusambaza kurasa tatu, na jopo litaweza kukuuliza maswali ya nyongeza ambayo barua haiwezi kuyajibu.

Ukimya baada ya kutuma ni wa kawaida. Waratibu wengi huambatisha ujumbe kwenye faili lako bila kukujibu, kwa hiyo usiutume mara ya pili. Washa simu tu, na ukiona namba usiyoijua, pokea.