Pinki kwa pinki si kulanti moja

"Fundi, kulanti ya kupoza injini hii pinki na ile pinki, si nijazie tu?" Jamani, hapana! Rangi hutiwa kiwandani ili chupa zitofautiane na uvujaji uonekane, na hakuna kanuni inayowabana watengenezaji wote. Pinki ya magari mengi ya Kijapani ina fosfati na haina silikati, zote mbili zikiwa dawa za kuzuia kutu. Ipo pinki ya Ulaya isiyo na fosfati kabisa. Soma namba ya kiwango nyuma ya chupa, ulinganishe na kitabu cha gari.

Glaikoli, kimiminika cha msingi cha kulanti, yenyewe haigombani. Shida iko kwenye dawa za kuzuia kutu. Silikati hutandaza utando haraka juu ya alumini, ilhali asidi za kikaboni hufanya kazi taratibu, pale kutu inapoanza. Ukichanganya, kila dawa inapungua na kinga haikamiliki. Kusema kweli, mara nyingi huoni chochote, na ndiyo maana watu hawanisadiki. Gari linatembea vizuri huku pampu ya maji ikiliwa polepole. Mara nyingine silikati huganda kama jeli na kuziba mirija myembamba ya hita, basi hita inapuliza baridi wakati injini ni ya moto. Lakini ukikuta uji wa rangi ya maziwa wenye mafuta, usikimbilie kulaumu mchanganyiko. Pima kwanza gasketi ya hedi na kipoza mafuta.

Sasa kuflashi, yaani kusafisha mfumo mzima kwa maji. Kufungua koki ya rejeta, kumwaga na kujaza upya si kuflashi! Chukua mfumo wa lita 6. Injini ikiwa baridi, koki inatoa lita 3.5 na lita 2.5 zinabaki kwenye bloku na hita. Jaza maji yasiyo na madini, weka hita kwenye joto la juu, washa injini mpaka themostati ifunguke na hozi ya chini ipate moto. Zima, acha ipoe, mwaga. Kwa hesabu hiyo, ukijaza maji mara ya kwanza, kulanti ya zamani iliyobaki ni asilimia 42 hivi, ya pili 17, ya tatu 7. Mimi huendelea mpaka yatoke maji safi yasiyo na rangi. Kama bloku ina bolti yake ya kumwagia, ifungue, utapunguza mizunguko.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baada ya kumwaga mara ya mwisho, zile lita 2.5 ndani sasa ni maji. Ukitia lita 3.5 za kulanti iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu, unapata asilimia 29 tu, si 50. Tia lita 3 za kulanti kali isiyochanganywa na maji kwanza, halafu nusu lita ya maji.

Kisha toa hewa: mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini, hita wazi, injini iungurume bila kifuniko huku ukiminya hozi ya juu mpaka mapovu yaishe. Ikishapoa kabisa, angalia kimo na uongeze.