Miwani moja, picha sita: jinsi ninavyotafuta maelezo yanayopingana

Ninatengeneza miwani hapa Mtwara mjini, na kazi yangu kubwa ni kubadilisha skrubu na bawaba zilizoliwa na chumvi ya pwani. Siku hizi, hata hivyo, watu wengi hunitumia picha za miwani ambayo hawajainunua, wakitaka niwaambie kama ni orijino. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Newala aliniandikia: "Shikamoo fundi. Naomba uniangalizie hii kabla sijatuma hela." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, usitume bado." Chini ya ujumbe wake kulikuwa na picha sita za miwani nyeusi ya Ray-Ban aina ya Wayfarer, namba RB2140, ambayo muuzaji wa Dar es Salaam alisema angeituma kwa basi.

Nilianza na lenzi, kwa kuwa ndiko kila mnunuzi anakoanza. Miwani hii huwa na jina la kampuni kwa mwandiko mweupe kwenye kona ya juu ya lenzi ya kulia ya mvaaji, na herufi ndogo RB zilizochongwa kwenye lenzi ya kushoto, pembeni kabisa, karibu na bawaba. Herufi hizo hazina rangi. Ni mkwaruzo mwembamba ulio nadhifu, unaouhisi kwa ukucha, na katika picha huonekana pale tu mwanga unapoipiga lenzi kwa ubavu. Kwa hiyo picha isiyoonyesha RB haithibitishi lolote, na picha inayoionyesha haithibitishi mengi, kwa sababu hata waigaji wanazo mashine za kuchonga. Ninachokitafuta ni dosari: herufi zilizochapwa kwa rangi badala ya kuchongwa, zilizo nene, au zilizokaa upande. Za mwalimu zilikuwepo, na zilikuwa nadhifu. Mtu mwenye haraka angetuma fedha hapo hapo.

Wenye miwani ya zamani wasishtuke wakikuta BL badala ya RB. Hizo ni herufi za Bausch & Lomb, kampuni ya Marekani iliyotengeneza Ray-Ban hadi ilipoiuzia Luxottica ya Italia biashara hiyo mwaka 1999. Lakini lenzi ya BL ikikaa kwenye miwani yenye mkono ulioandikwa kwamba umetengenezwa Italia, muuzaji ana la kueleza.

Picha ya tatu ilionyesha upande wa ndani wa mkono wa kushoto, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Mstari ulisomeka hivi:

```
RB 2140 WAYFARER 901/58 50□22 3N
```

Mstari huu si pambo. RB 2140 ni namba ya muundo. 901 ni rangi ya fremu, yaani nyeusi, na 58 iliyo baada ya mkwaju ni lenzi ya kijani yenye tabaka la kukata mng'ao, ile inayofuta mmeto wa maji ukisimama ufukweni Shangani saa saba mchana. 50 ni upana wa lenzi moja kwa milimita, 22 ni upana wa daraja la pua, na kijisanduku kilicho katikati kinaonyesha mfumo wa upimaji. Tarakimu 3 ya mwisho ni kundi la giza, lenzi inayopitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga. Herufi N iliyo baada yake huwekwa kwenye lenzi ya kawaida, na lenzi ya kukata mng'ao huandikwa P.

Sasa tazama. Namba ya rangi inasema lenzi inakata mng'ao, na herufi ya mwisho inasema haikati. Nikarudi kwenye picha ya mbele: lenzi ya namna hiyo huwa na P ndogo baada ya jina jeupe, na hii haikuwa nayo. Mwigaji alinakili tarakimu kutoka miwani moja na mwisho wa mstari kutoka nyingine, bila kujua zinasema nini.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa maandishi peke yake, nikapima. Wayfarer hii hutoka kwa ukubwa ninaoufahamu vizuri wa aina mbili, 50□22 na 54□18, na tofauti yake inaonekana hata pichani. Weka rula juu ya kioo cha simu, kwenye picha iliyopigwa mbele moja kwa moja, upime upana wa lenzi inayoonekana na pengo lililo kati ya lenzi mbili, kisha ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Kumbuka kwamba ukingo wa lenzi umezama ndani ya fremu, takriban nusu milimita kila upande, hivyo 50□22 huonekana kama 49 kwa 23, ambayo ni 2.1 hivi, na 54□18 huonekana kama 53 kwa 19, ambayo ni 2.8. Mimi nilipata milimita 31 na 11. Jibu ni 2.8. Fremu ilikuwa na uwiano wa ile kubwa, lakini mkono ulitaja ile ndogo. Picha ikiwa imepigwa kwa ubavu, kipimo hiki hakifai kabisa, usijidanganye nacho.

Lakini mikono ya miwani hubadilishwa. Nimeshawahi kuitia miwani halisi mkono wa miwani nyingine halisi, baada ya mwenyewe kuikalia kwenye bodaboda, na maandishi yake leo hayalingani na fremu. Ndiyo maana nilimwambia mwalimu aombe picha moja zaidi: bawaba, kwa karibu, mkono ukiwa umefunguliwa nusu, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ili tujue picha haikuokotwa mtandaoni.

Bawaba ya RB2140 nilizozishika ni ya chuma, yenye meno saba yanayoingiliana, matatu upande mmoja na manne upande wa pili, na imekaa ndani ya asetati, ile plastiki ya fremu, kwa usafi bila alama ya gundi. Mwigaji huikwepa kwa sababu inamgharimu, ilhali kuchonga herufi mbili hakumgharimu kitu. Onyo moja tu: usiihamishe hesabu ya saba kwenye kila Ray-Ban, kwa kuwa miundo mingine, hata New Wayfarer yenye namba RB2132, ina bawaba zake.

Picha ilikuja jioni, na karatasi yake. Meno yalikuwa matatu, na kando ya bamba la chuma gundi ilikuwa imefurika na kukauka kama utomvu wa mkorosho.

Kasha niliacha mwisho kwa makusudi. Lilikuwa zuri: mshono ulionyooka, jina kwenye kifungo, stampu ya dhahabu ya duara iliyosomeka vizuri. Makasha halisi huuzwa peke yake na huzunguka mikononi mwa watu, basi kasha zuri halinishawishi. Kasha baya, lenye stampu iliyochuruzika au jina lililokosewa, ndilo hunisaidia kukataa mapema. Kinachofaa kusomwa ni kibandiko cha boksi, kwa sababu namba zake zinapaswa kufanana na za kwenye mkono wa miwani. Cha mwalimu kilikuwa kimekatwa nusu na ukingo wa picha ya sita, lakini tarakimu nne za kwanza zilionekana: 2132.