Alama ya njano baada ya kupiga Windows: wanayoamini wengi Kariakoo, na namna draiva inavyotafutwa bila intaneti

Mwanafunzi mmoja wa chuo, mkazi wa hosteli za Mabibo, alikuja na HP 15 yake iliyopigwa Windows 10 siku mbili kabla. Waifai haikuwepo kabisa, hata alama yake pale chini kulia haikuonekana. Alipofungua Device Manager alikuta kundi limeandikwa Other devices, na ndani yake vifaa vitatu vyenye pembetatu ya njano na mshangao. Kimoja kiliitwa Network Controller.

"Fundi, nimeshusha draiva tatu za HP 15 kwa simu, zote zinakataa," aliniambia. "Bando la wiki nzima limekwisha."

Kesi kama yake huletwa mezani kwangu karibu kila wiki, na chanzo chake karibu kila mara ni maelezo yale yale ambayo watu hupewa dukani au na rafiki. Nitaipitia hatua kwa hatua, kwa sababu kosa lake la kwanza ndilo linalokula bando za watu wengi.

Dhana: draiva hutafutwa kwa jina la laptopu

"HP 15" ni jina la bodi la nje tu. Kiwanda hutoa mashine nyingi kwa jina hilo moja, na ndani yake hufunga kadi za waifai za watengenezaji tofauti: moja ina kadi ya Intel, nyingine ya Realtek, nyingine ya Broadcom. Mbili zikiwekwa pamoja mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Windows nayo haijali jina lililobandikwa kwenye kifuniko. Inapowaka huuliza kila kifaa kitambulisho chake, kisha hutafuta draiva inayotaja kitambulisho hicho hicho.

Kitambulisho hicho unaweza kukisoma mwenyewe bila intaneti yoyote. Ndani ya Device Manager bofya mara mbili kifaa chenye alama, nenda kwenye Details, na katika kisanduku cha Property chagua Hardware Ids. Zitatokea mistari kadhaa. Wa juu ndio wenye maelezo kamili zaidi, na inayofuata hupungua. Kwa Network Controller ya yule dada, mwanzo wa mstari ulisomeka hivi:

```
PCI\VEN_10EC&DEV_C821
```

VEN ni mtengenezaji wa chipu, na 10EC ni Realtek. Kama ingekuwa Intel ungeona 8086, na Broadcom ni 14E4. DEV ni aina ya chipu yenyewe. C821 ni ile inayoitwa RTL8821CE. Mbele kidogo kuna sehemu ya SUBSYS, ambayo tarakimu zake nne za mwisho humtaja aliyeunganisha mashine: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Kifaa kilichounganishwa kwa njia ya yuesibii huandikwa kwa VID na PID badala ya VEN na DEV, lakini usomaji ni ule ule.

Tukafungua zile faili tatu alizoshusha. Mbili zilikuwa za Intel na moja ya Broadcom. Zilikuwa draiva nzima, halali, za kampuni yenyewe, ila hazikuwa za kadi iliyomo ndani ya mashine yake. Zingewekwa mara kumi, ile pembetatu isingeondoka.

Ukishapata mstari huo, upige picha kwa simu. Kisha kwenye simu hiyo hiyo fungua catalog.update.microsoft.com, ambayo ni ghala la Microsoft lenyewe, na uandike kwenye kisanduku cha kutafutia sehemu ya VEN na DEV tu. Orodha itakayokuja huonyesha toleo la Windows na tarehe. Chagua la Windows yako. Faili litashuka likiwa na mwisho wa .cab, na utalihamishia kwenye laptopu kwa waya wa kuchajia, simu ikiwa kwenye hali ya kuhamisha faili. Draiva ya waifai haiwi kubwa ukilinganisha na zile furushi za kila kitu, kwa hiyo bando la siku linatosha.

Dhana: draiva isiyo na faili la setup ni mbovu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanabofya .cab, wanaona faili ndogo ndogo ndani, hakuna cha kubonyeza Next, basi wanafuta. Ukweli ni kwamba setup ni gari la kubebea tu. Draiva yenyewe ni faili la .inf na wenzake, hasa .sys na .cat, na Windows inajua kuzipokea moja kwa moja. Lipe faili lako jina wifi.cab na uliweke moja kwa moja kwenye C, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, kisha:

```
mkdir C:\wifi
expand -F:* C:\wifi.cab C:\wifi
```

Kabla ya kuweka chochote, hakikisha. Faili la .inf ni maandishi ya kawaida: lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta DEV_C821. Ikiwa namba hiyo haimo, draiva hiyo si yako, na hakuna njia ya kuilazimisha ikawa yako. Kama folda ina faili za .inf nyingi, PowerShell itazipitia zote kwa mara moja:

```
Get-ChildItem C:\wifi -Recurse -Filter *.inf | Select-String "DEV_C821"
```

Hapo hapo ndani ya .inf utakutana na neno NTamd64, na nimeona watu wakiiacha draiva sahihi wakidhani ni ya prosesa za AMD. Sivyo. Neno hilo linamaanisha Windows ya biti 64, prosesa iwe ya Intel au ya AMD. Ile ya biti 32 huandikwa NTx86, na Windows ya biti 64 haiipokei.

Tulipoiona C821, tulirudi Device Manager, tukabofya kulia kwenye Network Controller, Update driver, kisha Browse my computer for drivers, tukaielekeza C:\wifi na kuacha tiki kwenye Include subfolders. Haikumaliza hata dakika moja. Jina likabadilika kuwa la Realtek, na orodha ya waifai za jirani ikatokea pale chini.

Jihadhari na kitu kimoja kwenye dirisha hilo. Kuna chaguo la Let me pick linalokuruhusu kuchagua draiva kwa mkono kutoka kwenye orodha, na Windows hukuonya kuwa huenda haifai. Mafundi wengine hupita onyo hilo. Matokeo yake alama ya njano hubaki ikiwa na Code 10, au mashine huanguka kwenye skrini ya buluu kila inapowaka. Kama Windows imekataa kuichagua yenyewe baada ya kuielekeza kwenye folda, sababu karibu daima ni kwamba kitambulisho hakimo kwenye .inf.

Dhana: kifaa kisichojulikana ni kifaa kilichokufa

Vile vifaa viwili vilivyobaki kwa yule dada viliitwa SM Bus Controller na PCI Simple Communications Controller. Majina haya hutisha, lakini ni ya kawaida kabisa kwenye mashine za Intel. Cha kwanza husubiri draiva ya chipuseti, ambayo kwa kifaa hicho kazi yake hasa ni kukitambulisha kwa jina. Cha pili ni Management Engine ya Intel. Kote kuwili VEN ni 8086, na njia ya kutafuta ni ile ile ya juu.

Kwenye Dell Latitude za mtumba, ambazo zimejaa sana hapa mjini, mara nyingi hubaki kifaa kimoja kinachoitwa Unknown device, na kitambulisho chake huanza na ACPI\SMO88. Hicho ni kihisi cha kuanguka: laptopu ikidondoka, kinaiambia disiki ngumu iinue kichwa chake isikwaruzike. Kama mashine yako ina SSD, hakuna kinachoharibika kwa kukosa draiva hiyo. Usimlipe mtu kwa ajili yake.

Kinachopaswa kukutia shaka ni namba ya hitilafu, si jina. Bofya mara mbili kifaa, soma sehemu ya General. Code 28 maana yake draiva haijawekwa, na ndiyo inayotibika kwa haya yote. Code 43 maana yake kifaa kilishapokea draiva kisha kikaripoti matatizo. Hapo draiva nyingine huweza kusaidia, lakini ikirudi baada ya kujaribu draiva sahihi, anza kushuku kadi yenyewe au inavyokaa kwenye soketi yake.

Na kinyume chake nacho kipo: kukosa alama ya njano si uthibitisho. Kadi ya picha ikiandikwa Microsoft Basic Display Adapter haina pembetatu yoyote, lakini video zinakwama na mwanga wa skrini haupungui. Hiyo ni draiva ya dharura ya Windows, na ile ya kweli bado haijawekwa.

Dhana: ukishapiga Windows upya, draiva za zamani zimepotea

Inategemea alivyopiga. Kama fundi hakufomati na aliweka Windows mpya juu ya patisheni ile ile, Windows ya zamani imehamishiwa kwenye folda ya Windows.old, na draiva zako zote za awali zimo humu:

```
C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository
```

Ielekeze Update driver kwenye folda hiyo na mara nyingi hutahitaji kushusha chochote. Usichelewe, maana Windows huifuta folda hiyo yenyewe, kwa kawaida baada ya siku 10.

Bora zaidi ni kuzitoa kabla mashine haijaguswa. Kabla ya kupiga Windows ya mteja yeyote huwa natengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi, kisha kwenye Command Prompt ya administrator:

```
dism /online /export-driver /destination:E:\draiva
```

E ni herufi ya flashi. Iangalie kwanza kwenye mashine yako. Amri hii hutoa draiva zote zisizo za Windows yenyewe, kila moja na folda yake. Baada ya Windows mpya zinarudi zote kwa mstari mmoja:

```
pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install
```

Zote huingia kwenye ghala la draiva la Windows, lakini huwekwa zile tu zinazolingana na vifaa vilivyomo. Ndivyo nilivyofanya kwa HP ile ilipokaa sawa: nilizitoa draiva zake kwenye flashi yake mwenyewe, na kwenye folda tukaandika jina la mashine pamoja na namba C821.