Joto la katikati ya ukuta wa tanuri

“Ndani ni nyuzi 350, nje 50. Basi matofali na changarawe vinapokutana ni 200, si ndiyo?”

Hapana. Mafundi wengi wa tanuri za mikate hapa Goma hugawanya kwa mbili, lakini wastani huo ni sahihi tu pale tabaka zote mbili za ukuta, matofali ya ndani na changarawe ya nje, zinapozuia joto kwa kiasi sawa.

Ukinzani wa tabaka ni unene kwa mita ukigawanywa kwa uwezo wa kupitisha joto. Tuchukue tofali la sentimita 12 lenye uwezo wa 1.2: ukinzani 0.1. Changarawe nyepesi ya volkano, sentimita 10, uwezo 0.2: ukinzani 0.5. Jumla 0.6.

Tofauti ya nyuzi 300 ukiigawanya kwa 0.6, unapata wati 500 kwa kila mita ya mraba. Joto hilohilo hupita tabaka zote mbili, maana halina pa kubaki. Tofali linapunguza 500 × 0.1, yaani nyuzi 50 tu. Mpakani ni 300! Changarawe ndiyo inayobeba 250 zilizobaki.

Hesabu hii inafaa tanuri likishatulia kwa saa nyingi, na tabaka zikigusana vizuri. Ufa wenye hewa katikati ni tabaka ya tatu.